Uzi: Wakala wa M-Pesa, unapojaza ritani ya KRA mauzo yako ni kamisheni au ni pesa zote zilizopita kwenye laini?

KashiNaFloti (mwanzisha uzi)
Habari zenu. Nina namba moja ya uwakala chini ya wakala mkuu, sina kazi nyingine wala biashara nyingine. Taarifa ya mwaka mzima inaonyesha miamala ya kuweka na kutoa yenye jumla ya Sh51 milioni. Kamisheni iliyoingia benki kwangu mwaka huo ni Sh418,300. Sasa nataka kujaza ritani kabla ya tarehe 30 Juni. Pale panapoulizwa mauzo niandike ipi? Jirani yangu ambaye pia ni wakala anasema niandike zote kwa sababu KRA wanaziona. Pili, kwenye taarifa ya wakala mkuu kuna 5% inakatwa miezi mingine, miezi mingine haikatwi. Hiyo ni nini?

Bwana_Hesabu
Ndugu, milioni 51 si mauzo yako, hapo jirani amekosea. Lakini jua kuna ushuru wa mauzo, ule wa TOT, ambao tangu Julai 2023 ni 3%. Chukua 418,300 zidisha kwa 3%, unapata Sh12,549. Unalipa kila mwezi kabla ya tarehe 20 na mambo yamekwisha. Gharama hazihesabiwi, huhitaji hata kuweka daftari.

Leja_Nyekundu
Bwana Hesabu, umepata nusu. Kiwango ni 3% kweli na tarehe 20 ni kweli, ila TOT inaanzia kwa mtu ambaye mauzo yake yanapita Sh1 milioni kwa mwaka na hayazidi milioni 25. Mwenzetu hafiki hata nusu milioni. Akijisajili TOT atakuwa analipa ushuru ambao sheria haimdai, na ataanza kudaiwa faini za ritani za kila mwezi atakazosahau. Yeye ni wa ritani ya kawaida ya mwaka, ile IT1, kwa faida na si kwa mauzo. Na daftari analihitaji sana, kwa sababu faida haipatikani bila gharama zilizoandikwa.

KashiNaFloti, nianze na milioni 51, maana hilo kosa ndilo baya kuliko yote. Mteja akikupa noti ya elfu moja umwekee kwenye simu, noti inakuwa yako na floti yako ya elfu moja inakuwa yake. Umebadilishana naye. Hujauza kitu cha elfu moja, umeuza huduma, na bei ya huduma hiyo kwako ni kamisheni unayolipwa na kampuni. Ukiandika milioni 51 kama mauzo umejitangaza mwenyewe kuwa umepita kikomo cha juu cha TOT na pia ile milioni 5 ya kujisajili VAT. Halafu upande wa gharama huna cha kuandika cha kushusha hiyo 51, kwa sababu hukununua bidhaa. Mfumo utaona faida ya milioni hamsini na kitu. Kurekebisha inawezekana, lakini ni miezi ya barua na taarifa za benki.

Hata hivyo 418,300 nayo siyo namba ya kuandika. Hiyo ni iliyobaki baada ya makato. Tupe taarifa ya mwezi mmoja jinsi ilivyoandikwa.

KashiNaFloti
Asante dada Leja. Mwezi mmoja uko hivi: kamisheni ya namba yako 50,000. Sehemu ya wakala mkuu 20%, 10,000. Sehemu yako 40,000. Ushuru wa zuio 5%, 2,000. Umelipwa 38,000.

Januari na Februari nilikuwa na sehemu ya 22,000 kila mwezi na hawakukata kitu, nililipwa 22,000 kamili.

Leja_Nyekundu
Safi, hiyo imejibu swali lako la pili. Sheria ya ushuru wa mapato inaweka malipo ya huduma za uwakala kwenye kundi moja na ada za usimamizi na za kitaalamu. Anayemlipa mkaazi wa Kenya anatakiwa kukata 5%, lakini ikiwa jumla ya mwezi haifiki Sh24,000 hakati. Ndiyo maana Januari na Februari zilipita bila makato. Hawakukusamehe wala hawakukosea.

Mapato yako ya mwezi ule ni 40,000. Siyo 38,000, kwa sababu ile 2,000 ni ushuru wako uliolipwa mapema kwa jina lako. Na siyo 50,000, ikiwa mkataba wako unasema wakala mkuu ndiye anayelipwa na kampuni kisha anakugawia. Ukitaka uhakika angalia cheti cha zuio: kiasi kilichoandikwa kabla ya makato ndicho KRA wanachokiona kwako. Kama cheti kinasema 50,000, andika 50,000 kama mapato na 10,000 kama gharama ya wakala mkuu. Faida ni ile ile, lakini namba ya juu italingana na ya kwao, na hutaulizwa.

Kibanda7
Na kama cheti hakipo kabisa? Taarifa inaonyesha 5% imekatwa, ukiingia iTax hakuna kitu.

Leja_Nyekundu
Hapo kuna sababu mbili ninazokutana nazo sana. Ya kwanza, namba ya uwakala ilisajiliwa kwa PIN ya mtu mwingine: ndugu, mwenye kibanda wa zamani, au aliyekuuzia laini. Cheti kinamfuata mwenye PIN hiyo. Ya pili, kampuni ilikata 5% kwa wakala mkuu, cheti kikatoka kwa PIN ya wakala mkuu, naye akaishusha ile 5% kwako kwenye taarifa kama mgawanyo tu bila kukata na kuwasilisha kwa jina lako. Hapo wewe umepoteza pesa ambayo yeye anaitumia kupunguza ushuru wake. Mwandikie umuombe ama cheti chenye PIN yako au akurudishie makato. Fanya hivyo mwezi ule ule, usingoje Juni.

KashiNaFloti
Mimi vyeti ninavyo, kumi, vya miezi yote waliyokata. Jumla ya makato ni 19,700.

Leja_Nyekundu
Basi tumalize hesabu yako. Makato ya 19,700 kwa 5% yanatoka kwenye 394,000. Ongeza Januari na Februari, 44,000, unapata mapato ya mwaka 438,000. Ukitoa 19,700 unarudi kwenye 418,300 yako ya benki. Zimekubaliana, kwa hiyo hakuna mwezi uliopotea. Jaribio hili kila mtu alifanye kabla hajafungua ritani: pesa iliyoingia benki, ukiongeza vyeti vya zuio, lazima iwe sawa na jumla ya sehemu zako kwenye taarifa kumi na mbili. Zisipolingana, tafuta mwezi wenye tofauti kwanza.

Gharama zako za mwaka ni zipi?

KashiNaFloti
Kodi ya chumba 4,500 kwa mwezi. Msaidizi wa jioni 5,000 kwa mwezi. Ada za benki na nauli ya kwenda kutafuta floti kama 1,500 kwa mwezi.

Leja_Nyekundu
Jumla 11,000 kwa mwezi, 132,000 kwa mwaka. Faida 306,000.

Viwango vya mtu binafsi: 288,000 za kwanza ni 10%, yaani 28,800. Zinabaki 18,000 ambazo ni 25%, yaani 4,500. Jumla 33,300. Toa nafuu ya binafsi ya mwaka, 28,800. Ushuru unaodaiwa ni 4,500. Umeshakatwa 19,700. Kwa hiyo wewe ndiye unayewadai KRA, wamekaa na 15,200 yako. Unaweza kuomba irudishwe. Na kwa kuwa ushuru wako wa mwaka hauzidi 40,000, zile awamu nne za kulipa mapema hazikuhusu.

Sasa sikiliza hapa kwa makini. Tangu 1 Januari 2024 gharama nyingi hazikubaliwi bila ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya mfumo wa KRA. Mshahara wa msaidizi hauhitaji eTIMS, utaonyesha malipo yake. Lakini kodi ya chumba? Mwenye nyumba akikataa kukupa ankara, ile 54,000 inaweza kukataliwa. Faida inapanda hadi 360,000. Zinazopita 288,000 zinakuwa 72,000, kwa 25% ni 18,000. Ukitoa nafuu, unadaiwa 18,000 dhidi ya makato 19,700. Pesa yako ya kurudishiwa inashuka kutoka 15,200 hadi 1,700. Ankara moja ya mwenye nyumba ina thamani ya 13,500 kwako.

Bwana_Hesabu
Nakubali nilikosea kwenye kile kiwango cha milioni moja. Lakini dada, na wale wakala wakubwa wenye namba sita au saba, kamisheni inapita milioni moja kwa mwaka? Hao si wa TOT?

Leja_Nyekundu
Hapo mimi na wenzangu wengi tunagongana. Sheria inaondoa kwenye TOT mapato ya ada za usimamizi na za kitaalamu. Tafsiri ya ada hizo ndani ya sheria hiyo hiyo inataja huduma za uwakala. Ukisoma hivyo, kamisheni haiwezi kuingia TOT hata ikiwa milioni tatu, inaenda kwenye ritani ya mwaka pamoja na gharama zake. Huo ndio msimamo wangu.

Tozo_na_Haki
Mimi siuoni hivyo. Aliyetunga sheria alikuwa akifikiria wakili na mhandisi, si mtu wa kibanda. Wapo wanaowasilisha TOT kwa kamisheni na zinapokelewa.

Leja_Nyekundu
Mfumo kupokea siyo kwamba KRA wamekubali, ndugu. Mfumo unapokea chochote. Aliye juu ya milioni moja namshauri aombe KRA uamuzi wa kimaandishi kwa hali yake, sheria ya taratibu za ushuru inaruhusu. Barua hiyo inawafunga wao iwapo umeeleza mambo yote kwa ukweli.

MamaDuka
Nimesoma yote lakini sijaona langu. Mimi nina duka, TOT nalipa kila mwezi. Ndani ya duka nina laini ya uwakala, kamisheni kama 12,500 kwa mwezi. Mauzo ya duka ni milioni moja na laki nne kwa mwaka. Shida yangu ni kwamba jioni pesa za duka na za wakala ziko droo moja. Nikihesabu najua ziko sawa kwa macho tu. Nichanganye kwenye TOT au?

Leja_Nyekundu
Mama, la ushuru ni lile lile tunalobishania hapo juu. Mimi ningeitenga kamisheni, ila usiamue kwa neno langu la jukwaani pekee. Hiyo 12,500 haifiki 24,000 kwa hiyo hutakatwa zuio, na cheti hutakiona. Ukiiacha bila kuandika popote ndipo itakapokuwa tatizo.

La droo ndilo kubwa zaidi kwako. Tenga bakuli mbili leo hii. Mteja wa soda akilipa kwa kukutumia kwenye laini ya uwakala, au ukitoa chenji ya sukari kutoka pesa ya wakala, mauzo ya duka yanapotea ndani ya floti na huna njia ya kuyapata tena mwisho wa mwezi.

KaratasiMoja
Naomba nichangie kwenye daftari, maana mmeongea ya mwaka na watu wanakwama kwenye siku.

Wakala ana mtaji mmoja uliokaa sehemu mbili, kashi na floti. Mteja akiweka, kashi inapanda na floti inashuka kwa kiasi kile kile. Akitoa, kinyume chake. Kwa hiyo jumla ya kashi na floti haibadiliki siku nzima, hata ukifanya miamala mia mbili. Hiyo ndiyo mizani yako. Huhitaji kuandika kamisheni ya kila muamala.

Chukua mtaji wa 80,000. Asubuhi kashi 35,000, floti 45,000. Siku nzima wateja wameweka 62,400 na wametoa 48,900. Kashi inayotakiwa jioni ni 35,000 + 62,400 − 48,900, yaani 48,500. Floti ni 45,000 − 62,400 + 48,900, yaani 31,500. Jumla 80,000. Sasa hesabu noti. Ukikuta 47,500 na simu inasoma 31,500, umepungukiwa 1,000, na kwa kuwa floti iko sawa na miamala, kosa liko kwenye kashi. Ama ulimwekea mtu kabla hajakupa pesa, ama chenji, ama noti bandia, ama mtu wa nyumbani amechukua.

Daftari langu lina safu hizi tu, kila siku mstari mmoja:

```
Tarehe | Kashi asb | Floti asb | Waliweka | Walitoa |
Mtaji +/- | Kashi jioni | Floti jioni | Tofauti
```

Safu ya "Mtaji +/-" ndiyo wengi hawana, na ndiyo inayovuruga kila kitu. Ukiongeza pesa kutoka nyumbani, ukichukua ya chakula, ukilipa kodi ya chumba kutoka droo, ukikatwa ada benki wakati wa kununua floti, zote zinaingia pale. Kununua floti kwenyewe hakubadilishi jumla, ni kashi imegeuka floti. Ada tu ndiyo inayotoka.

Kibanda7
Tofauti ikija mimi huanza kusoma mistari yote upya. Kuna njia fupi?

KaratasiMoja
Angalia namba ya tofauti yenyewe kwanza. Ikigawanyika kwa 9, huenda umegeuza tarakimu wakati wa kuandika: 1,530 ukaandika 1,350, tofauti 180. Pili, igawanye kwa mbili na utafute muamala wa kiasi hicho. Aliyetoa 700 ukimwandika kama aliyeweka, kashi ya daftari inazidi kwa 1,400. Tatu, tafuta muamala wenye kiasi sawasawa na tofauti; huo mara nyingi ni mteja aliyeondoka bila kulipa au muamala uliorudishwa. Baada ya hizo tatu ndipo usome mistari.

Miamala iliyorudishwa iandike mistari miwili, usifute ule wa kwanza. Ukifuta, daftari halitalingana na taarifa ya kampuni, na kamisheni ya muamala uliorudishwa nayo huondolewa.

KashiNaFloti
Kwangu jioni ya siku ya kamisheni jumla huzidi. Nilidhani ni faida ya siku.

KaratasiMoja
Kamisheni ikiingia moja kwa moja kwenye laini ya floti, jumla inapanda bila kashi kushuka. Iandike siku hiyo kwenye "Mtaji +/-" na uiweke kwenye ukurasa wa mapato kwa kiasi cha kabla ya makato. Kisha amua: ama uitoe ama uiache ikuze mtaji, lakini andika uamuzi. Usipoandika, baada ya miezi sita huwezi kujua mtaji ni 80,000 au umekua, na upungufu wa kweli utafichwa na kamisheni. Nimeona madaftari ambayo mtumishi amekuwa akichota mia mia mwaka mzima na hakuna aliyegundua kwa sababu hii tu.

Upungufu nao usiukate kwenye kamisheni kimyakimya. Uwe na ukurasa wake wenye tarehe, kiasi na sababu. Wizi uliopelekwa polisi uambatanishe namba ya OB. Kama KRA wataukubali kama gharama ni jambo la kujadiliana, lakini bila karatasi hakuna hata mjadala.

Tozo_na_Haki
Swali la mwisho kwa dada Leja. Kamisheni ya Desemba inalipwa Januari. Iko mwaka upi?

Leja_Nyekundu
Umegusa penyewe. Kazi imefanyika Desemba, kwa hiyo kihesabu ni ya mwaka unaoisha. Lakini zuio linakatwa siku ya kulipa, cheti kina tarehe ya Januari, na mfumo unakipeleka mwaka mpya. Ukiweka mapato mwaka mmoja na cheti mwaka mwingine, jaribio langu la kulinganisha halitakubali, na utaulizwa.

KaratasiMoja
Mimi hufuata siku ya malipo, Januari hadi Desemba za benki. Vyeti na mapato vinakaa mwaka mmoja.

Leja_Nyekundu
Kwa wakala mdogo sikupingi, mradi asibadilishe mwaka ujao akaona Desemba mbili au akakosa hata moja. Kwa aliye na namba nyingi na mhasibu, ningeandika Desemba kama mapato yanayodaiwa na niweke karatasi ya maelezo ya cheti. Zihifadhi karatasi hizo zote miaka mitano, pamoja na taarifa za kila mwezi. Zipakue mapema, maana ukibadilisha wakala mkuu wakati mwingine unafungiwa kuzifikia zile za zamani.

KashiNaFloti
Nimezipakua kumi na moja. Ya Agosti haifunguki, nimemwandikia wakala mkuu. Mwenye nyumba naye anauliza eTIMS ni nini, kesho nakwenda kwake na simu.